Vumbi la mawe na "TB isiyopona": jinsi punje usiyoiona inavyotia kovu mapafuni

Ukikaa kwenye vijiwe vya wachimbaji wadogo, kuanzia Misungwi hadi Geita, hutakosa kusikia habari za kijana aliyemaliza dawa za TB mara mbili na bado anakohoa. Maelezo huwa matatu. Mmoja atasema ni TB sugu. Mwingine atasema dawa za siku hizi hazina nguvu. Wa tatu atashusha sauti na kusema jamaa amechezewa, maana alikuwa anapata mzigo kuliko wenzake. Lipo jibu la nne ambalo hutajwa mara chache: huenda mara ya pili hakuwa na TB kabisa, au alikuwa nayo kweli, lakini imekaa juu ya ugonjwa mwingine uliotangulia. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauambukizwi na mtu. Unatoka kwenye jiwe.

Tuanze na maneno, kwa sababu mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Silika ni madini yanayounda sehemu kubwa ya mawe na mchanga wa dunia hii. Umbo lake linaloleta madhara huitwa kwatzi, lile jiwe jeupe au la kijivu lenye kung'aa kama kioo, ambalo mchimbaji wa dhahabu analifukuzia kwa sababu mara nyingi dhahabu hukaa ndani ya mkanda wake. Itale, yaani graniti iliyotapakaa milimani Mwanza na kulipa jiji jina la Jiji la Miamba, nayo ina kwatzi, kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya jiwe zima. Silikosisi ni kovu linalojengeka ndani ya mapafu baada ya mtu kuvuta vumbi la kwatzi. TB ni maambukizi ya bakteria. Moja ni kovu, nyingine ni kidudu. Dalili zake hufanana, na hukutana mara nyingi ndani ya kifua kimoja, lakini dawa ya kuua kidudu haiwezi kufuta kovu.

Sasa swali ambalo watu wengi wa huku huuliza, na ni swali zuri: kama mchanga ni silika, mbona wavuvi na watoto wanaocheza ufukweni Kayenze au Ukerewe hawaumwi mapafu?

Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ukubwa. Punje ya mchanga wa ufukweni ina upana wa mamia ya maikroni. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa kichwani una upana wa maikroni 70 hivi. Punje kubwa namna hiyo haielei hewani, na hata ukiivuta inanasa puani. Vumbi linaloharibu mapafu ni lile lenye punje zisizofikia maikroni 10, na hasa zilizo chini ya maikroni 5. Hizo jicho halizioni moja moja. Wingu jeupe unaloliona karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, ni punje kubwa zaidi, na hizo zinaanguka haraka. Ndogo zinabaki. Katika hewa iliyotulia, punje ya kwatzi ya maikroni 5 huchukua kama dakika 12 kushuka kutoka usawa wa uso hadi chini. Ya maikroni 1 huchukua zaidi ya saa nne. Kwa hiyo mtu anayesubiri vumbi "litulie" baada ya mlipuko, kisha akashuka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, kwa kuwa anaona hewa imekuwa safi, ameepuka vumbi lisilo na shida kubwa na kuingia kwenye lile lenyewe.

Sehemu ya pili ya jibu ni upya wa punje. Mchanga wa ziwani umesuguliwa na maji kwa maelfu ya miaka, kingo zake zimelika na uso wake umepoa, kikemia. Kwatzi iliyopasuliwa sasa hivi kwa nyundo, drili au karasha ina uso mpya ambao vifungo vyake vya kemikali vimekatika na vinatafuta cha kushika. Uso huo ukigusa majimaji ya mwili hutoa kemikali kali zinazounguza seli. Makali hayo hupungua kadiri vumbi linavyokaa. Ndiyo maana anayeumia zaidi ni yule aliyesimama pale pale jiwe linapovunjika.

Safari ya punje moja

Fuata punje moja ya maikroni 2 kutoka kwenye ncha ya drili. Inapita puani bila kunasa. Inashuka kwenye koo la hewa na matawi yake. Njia hizo zimetandazwa ute unaosogezwa juu na vinyweleo vidogo, kama mkanda wa kubebea mizigo usiosimama usiku na mchana, na punje nyingi za kati hunaswa hapo, zikapandishwa hadi kooni, zikamezwa au kutemwa. Hiyo ndiyo kazi ya kikohozi cha jioni chenye makohozi meusi au ya kijivu. Wengi hukiona kikohozi hicho wakaamini kifua kimejisafisha. Kimejisafisha kweli, lakini kwenye barabara kuu tu.

Punje yetu ni ndogo mno, kwa hiyo inaendelea hadi mwisho wa njia, kwenye viribahewa. Hivi ni vifuko vidogo sana, mamilioni kwa mamia, ambavyo kuta zake ni nyembamba kuliko hiyo punje yenyewe. Hapo ndipo oksijeni inapovuka kuingia kwenye damu. Hakuna ute wala vinyweleo, kwa sababu vingezuia hewa kuvuka. Badala yake kuna seli zinazozurura na kumeza kila kigeni: vumbi, masizi, bakteria. Wataalamu huziita makrofaji. Sisi tuziite seli askari.

Seli askari ikikuta punje inaimeza, inaifungia ndani ya kifuko kidogo, kisha inamimina humo tindikali na vimeng'enya vya kusaga. Kwa bakteria wengi na uchafu wa kawaida, kazi inaishia hapo. Kwatzi haisagiki kwa tindikali ya mwili. Kinachotokea ni kinyume: uso wa punje unatoboa kifuko, vimeng'enya vinavuja ndani ya seli, na seli inaanza kujisaga yenyewe. Kabla ya kufa hupiga mbiu ya kemikali kuita wenzake. Wenzake wanafika, wanakuta punje ipo pale pale nzima, imeachwa na maiti, na mmoja wao anaimeza. Naye anakufa. Anakuja mwingine.

Hapa ndipo penye siri ya ugonjwa mzima. Punje haichakai. Punje moja inaweza kuua seli moja baada ya nyingine kwa miaka, wakati mtu ameshaacha mgodi na anauza duka lake Igoma. Kila mbiu inayopigwa inasikiwa pia na seli nyingine, zile za ujenzi, ambazo kazi yake ni kuziba majeraha kwa nyuzi ngumu za protini iitwayo kolajeni. Seli hizo hazijui kwamba jeraha halitafungika. Zinajenga tu, tabaka juu ya tabaka, kuzunguka kundi la punje na seli zilizokufa, mpaka kinatokea kinundu kigumu chenye duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Kinundu kimoja ni cha milimita chache. Hakina dalili. Mia kadhaa, na hasa vikianza kuungana kuwa donge moja kubwa, ni habari nyingine.

Aliyewahi kuungua mkono anajua kovu lilivyo: ngozi pale hainyooki, haitoi jasho, haioti nywele. Pafu lenye kovu ni vivyo hivyo. Halitanuki vizuri, na palipo na kovu oksijeni haivuki. Mwili una akiba kubwa ya mapafu, ndiyo maana mtu hupoteza sehemu nzuri kabla hajahisi chochote. Dalili ya kwanza huwa ni pumzi kukata akipanda kilima ambacho mwaka juzi alikipanda na kiroba begani. Wengi hulaumu umri, na wengine hulaumu sigara.

Kuna aina tatu, na tofauti yake ni kiasi na muda tu. Ya kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya vumbi la wastani. Ya haraka hutokea ndani ya miaka 5 hadi 10 kwa vumbi zito. Ya ghafla inaweza kutokea ndani ya miezi au miaka michache kwa vumbi zito kupindukia. Katika hiyo ya mwisho viribahewa hujaa majimaji mazito, na mgonjwa anakuwa kama anayezama nchi kavu.

Kiasi gani ni kingi?

Nchi mbalimbali zimeweka viwango. Kinachotumika sana kama kipimo ni miligramu 0.05 za silika kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Namba hiyo haimwambii mtu kitu mpaka aipigie hesabu, kwa hiyo tuipige.

Mtu anayefanya kazi huvuta kama mita 10 za ujazo za hewa kwa zamu moja. Ni sawa na lile tanki kubwa jeusi la maji la lita 10,000. Zidisha 10 kwa 0.05, unapata nusu miligramu. Chembe moja ya sukari ya kawaida ina uzito unaokaribia huo. Yaani kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa kwa siku nzima ni chembe moja ya sukari, isagwe iwe unga usioonekana, kisha isambazwe kwenye hewa ya tanki zima.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima hewa wanayovuta wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania. Kwa waliokuwa wakichoronga chini ya ardhi, wastani wa silika ulikuwa miligramu 16.85 kwa mita ya ujazo. Kwa kazi za juu ya ardhi wastani ulikuwa 0.19. Rudi kwenye tanki letu. Anayefanya kazi juu anavuta karibu miligramu 2 kwa zamu, yaani chembe nne za sukari badala ya moja. Anayechoronga chini anavuta zaidi ya miligramu 20 kwa saa moja. Chembe yake ya siku nzima anaimaliza ndani ya dakika moja na nusu tangu drili iwashwe. Si zote zinazobaki kifuani, nyingi hutoka na pumzi, lakini kiwango chenyewe kilipigiwa hesabu kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo ulinganisho unasimama.

Ndiyo maana ukimkuta mchoronga miamba wa miaka 30 ana mapafu ya mzee, huna haja ya kumtafuta mchawi.

Akina mama wanaoponda kokoto kwenye vilima vya Mwanza wako upande wa pili wa mizani. Vumbi lao ni dogo kuliko la duarani na wako kwenye hewa wazi, ila wanakaa chini, uso ukiwa nusu mita kutoka kwenye nyundo, mwaka baada ya mwaka, mara nyingi na mtoto mgongoni au pembeni. Turubai wanalofunga kujikinga na jua likishushwa upande unaotoka upepo wa ziwani, linakifunga pia kile ambacho upepo ungekipeleka. Jua linazuiwa na vumbi linabaki.

Maziwa, kitambaa na mengine tunayoambiana

Maziwa kwanza, kwa sababu imani hii ipo kila mgodi, na kuna wenye maduara wanaowanunulia vijana maziwa kwa nia njema kabisa. Kooni njia ni mbili: moja ya chakula kwenda tumboni, nyingine ya hewa kwenda mapafuni. Maziwa yanapita ya kwanza. Vumbi lenye madhara liko mwisho wa ile ya pili. Hakuna mahali yanapokutana. Maziwa ni chakula kizuri kwa mtu anayefanya kazi ngumu, na faida yake inaishia hapo. Konyagi vile vile, bila hata hiyo faida ya chakula.

Kitambaa usoni, hata kikilowekwa maji, kina matundu makubwa mara nyingi kuliko punje tunazozizungumzia. Watu wa ziwani hawahitaji maelezo marefu: huwezi kuvua dagaa kwa wavu wa sangara. Zile barakoa za rangi ya bluu za hospitali nazo hazikubani uso, kwa hiyo hewa inapita pembeni. Barakoa inayofaa kuanzia ni ile iliyoandikwa N95 au FFP2, yenye mikanda miwili inayozunguka kichwa na kibanio cha chuma puani. Ikikaa sawasawa, hewa unayovuta ina vumbi kama mara 10 pungufu ya la nje. Ndevu zinaharibu hesabu hiyo yote, kwa sababu hewa hupita panapokuwa rahisi. Njia ya kujua kama imebana ni kufunika barakoa kwa viganja viwili na kuvuta hewa: inatakiwa inywee kuelekea uso. Ukihisi upepo kwenye macho au mashavuni, haijabana. Ikishalowa jasho na kuziba hadi pumzi inakuwa nzito, imekwisha kazi, na kuikung'uta ili itumike tena ni kuiharibu.

Lakini angalia hesabu tena. Gawanya 16.85 kwa 10. Unabaki na karibu 1.7, ambayo bado ni zaidi ya mara 30 ya kiwango. Barakoa peke yake, chini ya ardhi, drili ikichoronga kavu, haitoshi. Anayempa kijana barakoa na kumshusha kwenye duara kavu amempa kitu, ila hajampa kinga.

Kinachobadilisha hali ni maji, na mahali maji yanapoingia ni muhimu kuliko wingi wake. Kuna drili zenye fimbo yenye tundu katikati, ambayo maji hupita ndani yake hadi kwenye ncha. Vumbi linalowa kabla halijatoka shimoni na hutoka likiwa tope la kijivu. Kuchoronga kwa njia hiyo hupunguza vumbi kwa zaidi ya asilimia 85 ikilinganishwa na kavu. Kumwagia maji mdomoni mwa shimo kwa ndoo husaidia kidogo, lakini punje zinazopulizwa na kompresa kutoka ndani hupita katikati ya matone. Dalili ya kwamba mfumo unafanya kazi ni rahisi: shimo linatoa tope mfululizo. Ukiona moshi mweupe, hata mwembamba, tundu la fimbo limeziba au pampu imeishiwa, na drili inatakiwa izimwe.

Tukiunganisha: maji yakipunguza tisa ya kumi, 16.85 inakuwa 1.7, barakoa iliyobana ikapunguza tena tisa ya kumi, inakuwa 0.17. Bado ni zaidi ya mara tatu ya kiwango. Punje zinazobaki zinahitaji hewa safi ipelekwe chini kwa feni na bomba, na zamu ya kuchoronga igawanywe. Hesabu hii haipendezi, lakini ni afadhali kuijua kuliko kudhani kitambaa kimemaliza kazi.

Karashani pameshindikana kwa sababu za kibiashara zaidi kuliko za kitaalamu. Wengi husaga kavu kisha unga unapelekwa mwaloni kuoshwa kwa maji. Kuongeza maji tangu kwenye kusaga kunaondoa wingu lote, ila inabidi mashine na mpangilio wa kazi ubadilike, na mwenye mawe anataka kuuona unga wake ukipimwa. Pasipowezekana, kufunika mdomo wa karasha kwa turubai zito lililolowa na kumhamisha anayekinga unga upande unaotoka upepo ni hatua ya bei ya turubai. Kwa wapondaji wa kokoto, jiwe limwagiwe maji kabla ya nyundo, na tena kila linapopasuka, kwa sababu kila mpasuko unafungua uso mpya mkavu ambao maji ya mwanzo hayakuufikia. Kopo lenye matundu kwenye kifuniko linatosha.

Tabia moja iachwe leo: kujipuliza vumbi kwenye nguo kwa bomba la kompresa mwisho wa zamu. Inarudisha hewani, mbele ya pua, kila kilichokuwa kimeshatulia. Nguo zivuliwe, zilowekwe, ndipo zifuliwe. Zikipelekwa nyumbani na kukung'utwa uani, anayevuta ni mke na watoto.

Kwa nini TB inapenda pafu hili

Rudi kwa seli askari. Ndizo hizo hizo zinazotakiwa kumeza bakteria wa TB na kuwadhibiti. Nyingi zimekufa kwa kumeza kwatzi, na zilizobaki ni dhaifu. Bakteria anakuta lango halina mlinzi. Mwenye silikosisi ana hatari ya kupata TB mara tatu au zaidi kuliko asiye nayo, na akiwa pia na virusi vya UKIMWI hatari hizo mbili zinazidishana. Hatari hiyo haiondoki akiacha kazi, kwa sababu punje hazijaondoka. Hata aliyevuta vumbi kwa miaka bila kovu kuonekana bado hatari yake imepanda.

Tuchukue mfano wa mgonjwa mmoja wa kubuni, wa aina wanayokutana nayo madaktari. Ana miaka 34, amechoronga kavu miaka 7. Anafika zahanati na kikohozi cha miezi minne na pumzi fupi. Makohozi yanapimwa kwa mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB: hakuna. Piga picha ya kifua: kuna vidoto vingi vya mviringo, vya milimita 1 hadi 3, pande zote mbili, vimejazana sehemu ya juu ya mapafu. Sehemu ya juu ndiyo TB nayo inapopenda kukaa. Daktari ambaye hakuambiwa habari ya drili anaona kikohozi, anaona madoa ya juu, anajua kwamba kipimo huweza kukosea, na anaanza dawa za TB za miezi sita. Si uzembe. Kwa alichoambiwa, ni uamuzi unaoeleweka. Miezi sita inapita, kijana anakohoa vile vile, na picha ya pili inafanana na ya kwanza. Kijijini wanasema TB sugu.

Yapo mambo ambayo yangemshtua daktari. Silikosisi peke yake kwa kawaida haileti homa za jioni, jasho la kulowesha shuka wala kukonda haraka. Vidoto vyake hufanana pande zote mbili, wakati TB mara nyingi huanza upande mmoja na kutoboa tundu. Tezi zilizo katikati ya kifua wakati mwingine huwa na chokaa pembeni, zikaonekana kama ganda la yai. Hakuna kipimo cha damu wala cha makohozi cha silikosisi. Kinachoitambua ni picha na historia ya kazi vikiwekwa pamoja, na bila historia picha inasema nusu ya neno.

Dawa ya kufuta kovu haipo. Kinachofanyika ni kumtoa mtu kwenye vumbi, kumpima TB kila mara anapobadilika hali, kumpa dawa za kuzuia TB baada ya kuhakikisha hana TB hai, kumwachisha sigara, na kumpa oksijeni mambo yakifika huko. Anayeahidi kuusafisha mwili kwa mizizi au vidonge vya mtandaoni anauza kitu kingine.

Yapo magonjwa mengine ya vumbi, na hayafanani. Makaa ya mawe huweka weusi mapafuni na kovu lake huja polepole zaidi. Nyuzi za asbesto huleta kovu la sehemu ya chini na saratani ya utando wa mapafu miaka mingi baadaye. Vumbi la chuma la mafundi wa kuchomelea hutokea kwenye picha kama vidoto vya kutisha, lakini halitii kovu kubwa, kwa sababu seli askari hazifi kwa kulimeza. Silika nayo huleta saratani ya mapafu hata kwa asiyevuta sigara. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliipanga kundi la kwanza mwaka 1997.

Kijana wetu akiacha drili leo na kwenda kuuza dagaa Kirumba, vidoto vyake vinaweza kuendelea kukua. Baada ya miaka mitatu anaanza homa za jioni, jasho na kukonda, na kwa kuwa ameshaambiwa "kifua chako ndivyo kilivyo", anachelewa kwenda hospitali. Safari hii makohozi yana bakteria. Dawa za TB zitafanya kazi, ingawa kwa mwenye silikosisi madaktari wengi huongeza muda wake, kwa sababu bakteria hujificha ndani ya kovu ambako damu haifiki vizuri. Muuguzi anafungua kadi mpya na kuuliza kazi. Anasema anauza dagaa, kwa kuwa ndiyo kazi yake ya sasa. Anachotakiwa kusema ni hiki, na kiandikwe: "Nilichoronga mawe kavu miaka saba, nikaacha mwaka fulani."